Ruhusa haipakuliwi pamoja na video

Katika harusi za Amu kuna usiku usio na nafasi ya mwanamume, hata awe baba wa bi harusi. Usiku wa kupamba, wanawake huingia wamejifunika, na wakishavuka mlango buibui hutoka. Ndani kuna nywele zilizotengenezwa tangu mchana, dhahabu iliyotolewa sandukuni, hina iliyopanda hadi kiwikoni, na magauni ambayo nje ya ukumbi ule hayatavaliwa kamwe. Siku hizi mlangoni huketi mtu wa kukusanya simu, na kadi nyingi za mwaliko huandikwa waziwazi kwamba kamera haziruhusiwi. Wageni hudhani hiyo ni ada ya kiungwana tu. Kisheria ni zaidi ya ada: ni ushahidi wa maandishi kwamba waliokuwamo ndani hawakukubali kupigwa picha.

Na bado video hutoka. Kila ikitoka moja, mtaa mzima huuliza swali lile lile: nani aliyepiga? Atatafutwa binti wa watu, atatajwa, atalia, ataomba radhi, na mambo yataishia hapo. Mimi naona tunamshika mtu wa kwanza kwa sababu ndiye tunayemjua, tukawaacha wa pili, wa tatu na wa nne ambao sheria ya Kenya inawatazama kwa jicho kali zaidi. Aliyepakua akapeleka kwingine, aliyeitumia kuuzia bidhaa, na aliyekaa akaichambua sura moja baada ya nyingine, kila mmoja wao amefanya tendo lake jipya linalohitaji ruhusa yake mwenyewe.

Tuchukue mfano. Nimeutunga kwa vipande vya mambo ambayo kila mtu wa kisiwani ameyasikia, kwa hivyo asijitafute mtu ndani yake. Harusi ni ya mtaa wa Mkomani. Binti mmoja ameficha simu, amewapiga video ya sekunde arubaini rafiki zake wawili wakicheza vugo, ngoma ya wanawake inayochezwa kwa kugonga pembe. Wao wameridhia, wanacheka na kuitazama kamera. Lakini nyuma yao anapita mama mdogo wa bi harusi, kichwa wazi, na pembeni ameketi msichana wa miaka kumi na minne akipepea. Usiku huo binti anaiweka kwenye stetasi yake ya WhatsApp, akichagua waione wanawake tu. Mmoja wa hao wanawake anaihifadhi na kuituma kwenye grupu la akina mama la mtaani. Siku ya nne imeshafika TikTok, kwenye akaunti ya muuza magauni wa Mombasa, na bei na nambari ya simu zimeandikwa juu ya picha. Wiki inayofuata kijana mmoja anakata sura ya yule mama mdogo na kuiingiza katika tovuti ya kutafuta watu kwa sura zao. Na mwanafunzi wa chuo kikuu, asiye na nia mbaya hata kidogo, anaipakua ili achambue nyimbo za vugo kwa tasnifu yake.

Tuanze na binti mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu sura ya mtu inayotambulika kuwa ni data yake binafsi, na kupiga, kuhifadhi, kutuma na kufuta yote ni kushughulikia data. Lakini kifungu cha 51 kinamwondoa mtu anayefanya hivyo kwa shughuli zake binafsi au za nyumbani tu. Hapo ndipo binti ana pa kujikinga. Video iliyobaki ndani ya simu yake, akaitazama na rafiki zake wawili, ni jambo la nyumbani. Amevunja sharti la mwenye harusi, amevunja adabu, na mama yake ana haki ya kumkalisha chini. Kamishna wa Ulinzi wa Data hana kazi naye.

Kinga hiyo inaishia wapi? Sheria yetu imefuata kwa karibu mtindo wa Ulaya, na huko swali hili lilijibiwa zamani. Mwaka 2003 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kesi ya mama mmoja wa Uswidi aliyekuwa akijitolea kanisani, ambaye alitengeneza kurasa za intaneti kuhusu wenzake wa parokia. Alitaja, bila ubaya wowote, kwamba mmoja wao ameumia mguu na anafanya kazi nusu siku. Mahakama ilisema habari iliyowekwa mahali ambapo watu wasio na idadi wanaweza kuifikia haiwezi tena kuitwa ya nyumbani. Uamuzi huo haumfungi hakimu wa Kenya, lakini ukiusoma unaona mstari unapochorwa. Mstari uko kwa watazamaji: je, aliyetuma anaweza kuwahesabu na anawajua? Stetasi iliyozuiwa kwa wanawake thelathini iko karibu na mstari huo. Grupu la WhatsApp, ambalo siku hizi linaweza kubeba watu 1,024, limeshauvuka, isipokuwa kama ni grupu dogo la familia kwelikweli. TikTok iko ng'ambo ya pili kabisa.

Kuhusu stetasi, kuna jambo la kiufundi ambalo watu wengi hawalijui, na linawadanganya. Wanadhani kwa kuwa stetasi hupotea baada ya saa 24, basi imeonyeshwa bila kutolewa. Katika simu za Android, stetasi ikishatazamwa huwa imeshashuka ndani ya simu ya mtazamaji, kwenye folda iliyofichwa:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/.Statuses
```

Nukta iliyo mwanzoni mwa jina la mwisho ndiyo inayoificha. Zile programu za kuhifadhi stetasi ambazo mabinti wanaziweka simuni hazina ujuzi wowote. Zinafungua folda hiyo na kunakili kilichomo kabla hakijafutwa. Kwa hivyo kumzuia mtu asipakue haiwezekani. Kilichobaki mkononi mwa aliyeweka ni kuchagua nani aione, na akishachagua, kila mmoja wa hao ana nakala.

Sasa aliyepakua na kutuma grupuni. Huyu ndiye mtu ambaye nimemsikia akijitetea mara nyingi kuliko wote, na utetezi wake daima ni mmoja: "Mimi sikuiba, mwenyewe aliiweka." Una harufu ya kisheria utetezi huo, kwa sababu kifungu cha 28 kweli kinaruhusu kuchukua data ya mtu bila kupitia kwake ikiwa yeye mwenyewe ameiweka hadharani kwa makusudi. Lakini yeye ni nani? Sheria inamsema mwenye data, yaani mwenye sura. Mwenye simu si yeye. Binti aliiweka, na labda rafiki zake wawili waliokuwa wakicheza walimridhia. Mama mdogo hakuweka kitu. Alikuwa anapita. Hata bi harusi mwenyewe, lau angekubali video yote isambae dunia nzima, angekuwa amesema kwa niaba ya sura moja. Nimewahi kubishana na mpiga video mmoja wa harusi, mtu mzuri na mjuzi wa kazi yake, aliyeniambia, "Bi harusi ameshatia saini, sasa hawa wageni wananidai nini?" Wanamdai kila kitu. Saini ya bi harusi ni ya bi harusi.

Ni kosa lile lile wanalofanya wanaodhani kulipia video ni kumiliki waliomo. Aliyeagiza kazi na kuilipia anaweza kuwa ndiye mwenye hakimiliki ya picha, na akamzuia mwingine kuiuza. Hakimiliki hiyo haimpi mamlaka juu ya sura ya mgeni aliyeketi safu ya tatu.

Ukumbi wa kupamba una uzito mwingine ambao waliotunga sheria hawakuufikiria, ila maneno yao yanauenea vizuri ajabu. Sheria ya 2019 inatenga data nyeti, zinazohitaji ulinzi wa juu zaidi, na katika orodha yake, pamoja na afya na imani, mna hali ya ndoa, habari za familia zikiwemo majina ya watoto, wazazi na mume au mke, na hata mali anayomiliki mtu. Hebu itazameni tena ile video ya sekunde arubaini. Inaonyesha nani anaolewa, nani mamake, ukoo gani umeketi mbele, wote ni Waislamu, na mama mdogo amevaa dhahabu kiasi gani. Sijui ni mkusanyiko gani mwingine wa picha ungegusa vifungu vingi hivyo kwa mara moja. Wakili anayejua kazi yake ataanzia hapo kabla ya kusema neno lolote kuhusu haya na heshima.

Msichana wa miaka kumi na minne anaongeza jingine. Kifungu cha 33 kinataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa data ya mtoto, na tena matumizi yenyewe yawe kwa maslahi ya mtoto huyo. Rafiki wa dada yake hawezi kumridhia. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna ilitangaza faini ya shilingi 4,550,000 dhidi ya Roma School ya Uthiru kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi, na shule ile haikuwa na nia ya kumdhalilisha mtu. Ilikuwa inajitangaza.

Kujitangaza ndiko kunakotupeleka kwa muuza magauni. Kati ya watu wote wa mfano wetu, huyu ndiye aliye wazi zaidi, na wala haonekani mwovu. Hakumtukana mtu. Amesifu gauni, ameweka mioyo, ameandika bei. Kifungu cha 37 kinakataza kutumia data ya mtu kibiashara bila ridhaa yake ya waziwazi. Siku ile ile ya Septemba 2023, pamoja na shule, Ofisi ilitangaza faini ya shilingi 1,850,000 dhidi ya Casa Vera Lounge ya Nairobi kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja wake bila ridhaa. Mteja yule alikuwa ameingia kwenye klabu kwa miguu yake, mahali pa starehe palipojaa watu na taa. Ikiwa picha ya mtu aliye klabuni imefika huko, ya mwanamke aliyekuwa nyuma ya mlango uliokusanyiwa simu itafika wapi?

Kiwango cha juu cha faini ya kiutawala ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, lililo dogo kati ya hayo mawili. Kwa duka dogo la magauni, asilimia 1 huenda isitishe. Tena faini haimwendei mlalamishi. Kinachomhusu yeye ni kifungu cha 65, kinachompa haki ya fidia, na kinasema waziwazi kwamba madhara si fedha tu, hata fadhaa inahesabiwa. Ofisi imekwisha kuagiza fidia kwa watu ambao picha zao zilitumiwa kutangazia biashara. Mama mdogo hahitaji kuthibitisha kwamba amepoteza senti.

Wengi wetu tukisikia video imevuja, tunakimbilia sheria nyingine, ile ya makosa ya mtandao ya 2018. Kifungu chake cha 37 kinamtia hatiani anayesambaza picha ya faragha au ya aibu ya mtu mwingine, kwa kifungo kisichozidi miaka miwili au faini isiyozidi shilingi 200,000 au vyote viwili. Je, mwanamke aliyevaa gauni zuri, kichwa wazi, ni picha ya faragha? Kwa watu wa Amu swali lenyewe ni tusi. Kwa hakimu aliyezaliwa na kukulia kwingine si lazima liwe hivyo. Ningependa mahakama ipime faragha kwa chumba na masharti yake, si kwa ngozi iliyoonekana. Lakini sheria ya jinai husomwa kwa maana finyu, na ndivyo inavyopaswa, kwa sababu mwisho wake ni jela. Ndiyo maana simshauri mtu aanzie hapo. Video ikiwa ya utupu au ya tendo la ndoa, anzia hapo bila kusita. Ya kupamba, sheria ya data inashika vizuri zaidi. Na mtu akianza kumwandama mama mdogo kwa ujumbe wa kumtisha au kumdhalilisha, kifungu cha 27 cha sheria ile ya 2018 kinamruhusu kuomba mahakama imwamuru aache.

Kuchambua ndilo jambo linalozungumzwa kidogo kuliko yote, na kwangu ndilo zito. Tumezoea kuona kwamba kutazama hakudhuru: kijana amekaa na kompyuta yake, hajamtumia mtu kitu, shida iko wapi? Shida ni kwamba kabla yake mama mdogo alikuwa sura inayopita kwa sekunde tatu. Tovuti ya kutafuta sura hugeuza umbo la uso kuwa namba, kisha hulinganisha namba hizo na za picha nyingine zilizotapakaa mtandaoni. Ikimpata kwenye picha ya warsha ya ofisi aliyohudhuria miaka mitano iliyopita, sasa ana jina, ana mwajiri, ana mji. Kijana hakusambaza chochote. Ametengeneza data ambayo haikuwapo. Sheria yetu inaiita data ya kibayometria na kuiweka kwenye zile nyeti. Katika kuitolea mifano imetaja alama za vidole, sauti na hata umbo la ndewe la sikio, jambo ambalo bibi zetu waliotoga masikio tangu juu hadi chini wangelicheka.

Kuna kisa cha kweli kinachoonyesha uchambuzi wa nia njema unavyoweza kupotea. Mjini San Francisco kulikuwa na mkahawa ulioitwa Brainwash, uliokuwa na kamera ikirusha moja kwa moja mtandaoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichukua picha 11,917 kutoka kwenye kamera hiyo, wakaweka alama kwenye vichwa vya wateja, na kuzitoa kwa watafiti wengine wafundishie kompyuta kugundua vichwa vya watu kwenye umati. Hawakutaka majina. Hawakumcheka mtu. Lakini wateja walikwenda kunywa kahawa, na picha zao zikaishia katika utafiti wa taasisi ambazo hawakuwahi kuzisikia, zikiwemo za kijeshi nchini China. Mkusanyiko uliondolewa mwaka 2019 baada ya jambo hilo kufichuliwa. Uliondolewa kwenye tovuti ya kwanza, maana yake. Nakala zilizokwisha pakuliwa hazina wa kuzirudisha.

Sasa mwanafunzi wetu wa vugo. Namhurumia, kwa sababu nyimbo zile zinapotea na kazi yake ina faida. Kifungu cha 53 cha Sheria ya 2019 kinampa nafasi: data inaweza kutumiwa tena kwa utafiti ikiwa ni kwa utafiti pekee na matokeo hayatachapishwa kwa namna ya kumtambulisha mtu. Hadi hapo anaweza kutabasamu. Tatizo linakuja kwenye hilo sharti la pili. Atafikiri amelitimiza akizifunika nyuso kwa ukungu. Nairobi pengine ingetosha. Amu haitoshi. Mtu wa Mkomani akiona ukuta wa zidaka nyuma ya wachezaji anaijua nyumba ni ya nani. Akiijua nyumba anaijua harusi. Akiijua harusi anajua mwenye gauni la kijani ni nani, kwa sababu yeye mwenyewe alimwona fundi akilishona. Sauti ya mwimbishaji nayo ni yake peke yake, mji mzima unaijua. Katika mji mdogo, kumficha mtu ni kuondoa karibu kila kitu.

Kwa hivyo ningemwambia hivi: ikiwa unahitaji maneno ya wimbo, yaandike kwenye daftari, eleza mapigo ya pembe kwa nota au kwa maneno, kisha video ifute. Usiibandike kwenye kiambatisho, usiionyeshe kwenye kongamano, usiipakie kwenye hifadhi ya chuo. Lakini kuna njia iliyo fupi kuliko hiyo. Panda boti, nenda kwa mwimbishaji, mwamkie, mweleze kazi yako, umrekodi mchana, yeye na pembe yake, akiwa amevaa anavyotaka kuonekana. Kibali cha utafiti cha NACOSTI na kamati ya maadili ya chuo vitakutaka ufanye hivyo hivyo. Video ya wizi haina hata faida ya kitaaluma, kwa kuwa hujui ni nani anaimba, wimbo ni wa nani, na uliimbwa kwa ajili ya nini.

Kuna watakaosoma haya waseme ninataka kufunga kila kamera kisiwani. La. Askari akimpiga mvuvi gatini, aliyepiga video amefanya jambo jema, na kifungu cha 52 kinalinda uandishi wa habari ulio na maslahi ya umma. Hata hapo ningependa nakala ya asili ihifadhiwe bila kuguswa na ipelekwe kwa IPOA, mamlaka inayosimamia mwenendo wa polisi, na ile ya kusambazwa ifunike nyuso za waliosimama kando, ambao kesho wanaweza kutafutwa. Maulidi nayo ni ya barabarani, goma na kirumbizi huchezwa ili vionekane. Mtalii anayepiga picha ya uwanja mzima simlaumu. Yule anayevuta lenzi hadi kwa mwanamke aliye juu ya dari ya nyumba yake ameshatoka kwenye Maulidi.

Kwa aliyedhulumiwa, hatua za mwanzo ndizo zinazoamua mengine, na ndizo zinazoharibiwa mara nyingi na wenye upendo. Video ikitokea, shangazi wa kwanza kuiona huituma kwa shangazi wa pili na maneno "angalia walivyomfanyia mtoto wetu". Kufikia jioni familia yenyewe imeisambaza kuliko adui. Nakala inahitajika, ni kweli, maana mahakamani bila nakala hakuna kesi. Lakini ni nakala moja, kwa mtu mmoja. Ipigwe skrini ikionyesha jina la akaunti, anwani ya ukurasa, tarehe na saa, na anayeichukua aandike simu gani ametumia na ameihifadhi vipi, kwa sababu Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti kuhusu namna ushahidi wa kielektroniki ulivyopatikana. Haya yafanyike kabla ya kumpigia simu mwenye akaunti, kwani akiogopa ataifuta na ushahidi utakwenda nayo. Ikiwa ni video ya kingono ya mtoto, usiinakili wala kuituma kwa yeyote. Andika anwani yake na uende polisi.

Baada ya hapo muuza magauni aandikiwe afute, ambalo ni dai la kifungu cha 40 cha Sheria ya 2019, na malalamiko yapelekwe kwa Kamishna. Yanaweza kutolewa hata kwa mdomo, Ofisi ikayaandika, na uchunguzi unatakiwa umalizike ndani ya siku 90. Siku 90, wakati video imezunguka Pwani kwa siku nne. Kuna pia StopNCII, mfumo ambao hutengeneza alama ya kidijitali ya picha ndani ya simu yako bila picha kutoka, kisha majukwaa yanayoshiriki huzuia faili yenye alama hiyo. Kwetu una kasoro mbili. Umetengenezwa kwa picha za utupu na za kingono, kwa hivyo ya kupamba haimo. Na kwa video hutumia alama ya aina ya MD5, ambayo hubadilika yote pindi faili ikibadilika hata kidogo, nayo WhatsApp huibana video upya inapotumwa.

Linalonisumbua zaidi ni la mwisho, na sheria haijalijibu. Mama mdogo akilalamika, itabidi video iangaliwe. Ataiangalia afisa, huenda wakili wa upande wa pili, huenda hakimu, na wengi wao watakuwa wanaume. Atakuwa ameomba ulinzi wa sura yake kwa kuwaonyesha wanaume sura hiyo hiyo, kwenye meza rasmi. Katika Sheria ya 2019 hakuna kifungu kinachosema nani aitazame. Hakuna pia kinachomzuia Kamishna kuagiza kwamba malalamiko ya aina hii yashikwe na maafisa wanawake, yapokelewe kwa picha mbili tatu zilizokatwa badala ya video nzima, na nakala zifungwe hadi amri itakapotoka. Ofisi ina tawi Mombasa. Mawakili wa Pwani na viongozi wa akina mama wa Lamu wanaweza kuliwasilisha ombi hilo kwa barua ya ukurasa mmoja, kabla ya msimu wa harusi haujaanza.